Bajeti ya mtoto mchanga kwa shilingi 320,000: cha kununua, cha kuazima na cha kukataa

Nimekuwa mkunga Pemba kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi na wanawake walio na mimba ya kwanza si la uchungu wala la damu. Ni hili: "Mama, pesa imekwisha na mtoto hajazaliwa. Imekwenda wapi?" Nikiomba nioneshwe walichonunua, karibu kila nyumba naona vitu vilevile. Kuna chandarua cha mwavuli chenye kigodoro cha waridi, chupa tatu za kunyonyeshea, paketi kubwa la pampasi, seti ya poda na mafuta ndani ya kimkoba cha plastiki. Hakuna nauli ya gari la usiku, na hakuna sabuni ya kufulia.

Kosa linaanzia mahali pamoja: wanaanza na duka. Mwongozo huu unaanza na pesa, kisha majira, kisha jamaa, na duka linakuja baadaye. Nitautembeza kwa mfano wa mpwa wangu, anayekaa kijiji kimoja nje ya Wete. Yeye analima mwani, mumewe anatega dema. Walikuwa na shilingi 320,000, wiki kumi kabla ya siku ya kujifungua, na mtoto alitarajiwa katikati ya Aprili. Bei nitakazotaja ni zile tulizolipa sokoni siku hiyo. Zako ziulize upya, lakini mgao ushike.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu.
- Bahasha nne, au vifuko vinne vya kitambaa.
- Kadi ya kliniki, yenye tarehe ya kutarajia kujifungua.
- Kopo tupu la soda. Utakwenda nalo sokoni. Kazi yake nitaieleza.
- Mfuko wa plastiki usio na tundu, wa kufungika kabisa.
- Kamba ya kuanikia yenye urefu wa kutosha ndani ya ukumbi au chini ya paa la upenu, si uani peke yake.

## Hatua ya 1: Tazama mtoto anazaliwa majira gani

Andika tarehe ya kadi juu ya ukurasa, kisha andika siku arubaini baada yake. Hicho ndicho kipindi unachokipangia. Usipange mwaka mzima, maana mtoto wa miezi mitatu anataka vitu vingine na pesa nyingine itakuwa imeingia.

Mpwa wangu anajifungua Aprili, maana yake arubaini yake yote imo ndani ya masika. Hilo lilibadili mambo mawili. Nguo hazikauki kwa siku moja, kwa hiyo idadi ya nepi inapanda. Na kusi likishaanza kuvuma, kuna siku mumewe hatoki baharini, na yeye mwenyewe hawezi kushuka pwani kwenye mwani bamvua mbili au tatu mfululizo. Mapato yanashuka pande zote mbili wakati uleule matumizi yanapanda. Angekuwa anajifungua Januari, kwenye jua la kaskazi, hesabu yake ingekuwa nyepesi zaidi.

Utajuaje umefanya sawa: ukurasa wako una tarehe mbili, majira, na jibu la swali hili: katika siku hizi arubaini, nani ndani ya nyumba hii ataingiza pesa, na siku ngapi?

## Hatua ya 2: Gawa pesa kabla hujaingia dukani

Tulizigawa 320,000 hivi:

- Bahasha ya safari: 80,000
- Bahasha ya chakula cha mzazi na nyumba: 110,000
- Bahasha ya vitu vya mtoto: 90,000
- Bahasha ya dharura: 40,000

Mpwa wangu aliponiona naweka safari mbele ya nguo za mtoto alinuna kidogo. Nikamwambia, mwanangu, hata pale kujifungua kunapokuwa bure, gari la saa nane za usiku si bure. Tulihesabu kwenda spitali ya Wete, kurudi, na safari moja ya zaidi endapo atapewa rufaa kwenda Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani. Zungumza na mwenye gari sasa, mkubaliane bei ya usiku, na uandike namba yake ukutani kwa maandishi makubwa. Anayekaa kisiwani, kama Kojani, aongeze na nauli ya chombo.

Bahasha ya chakula ni kubwa kuliko ya mtoto kwa sababu ya hesabu moja. Mtoto wa kilo tatu na nusu akilishwa maziwa ya kopo peke yake, kopo la gramu 400 linaisha kwa siku tano au sita. Kwa siku arubaini ni makopo saba. Uliza bei ya kopo moja dukani kwenu na uzidishe mara saba. Sasa linganisha na samaki, maharage, mayai, mboga, uji wa pilipili manga na supu ya pweza atakayokula mama anayenyonyesha. Pesa inayomlisha mama ndiyo inayomlisha mtoto, na ni ndogo mno ikilinganishwa na makopo. Mama ambaye daktari amemwambia asinyonyeshe ana hesabu nyingine, na aipange na kliniki yake kabla ya kujifungua.

Tahadhari: akika isiingie ndani ya bahasha hizi. Ni sunna kwa mwenye uwezo, na asiyeweza siku ya saba hajakosa kitu kwa kungoja. Nimeona bahasha ya safari ikigeuka mbuzi, na wiki hiyohiyo mtoto akaugua na hakuna gari. Shauri hili lizungumzwe na wazee mapema, wakati hakuna mtu mwenye haraka.

Utajuaje umefanya sawa: bahasha ya safari na ya dharura zimefungwa na ziko kwa mtu ambaye si mwepesi wa kuazimisha. Sisi tulimpa mama mkwe wake.

## Hatua ya 3: Omba na uazime kwanza

Mtoto mchanga havai nguo akazichakaza. Anaziacha ndogo ndani ya wiki sita. Kwa hiyo makabati ya dada, shangazi na wifi yamejaa vitu vizima. Pitia nyumba tatu au nne ukiwa na daftari, uandike kila nyumba imetoa nini.

Najua zipo familia zisizopenda vitu vya mtoto viletwe nyumbani kabla hajazaliwa, wakiona ni uchuro. Usigombane nao. Waombe wenye vitu wavitenge kwao, uandike tu, na mtu mmoja avikusanye na kuvifua wiki mbili kabla. Sisi tulivikusanya kwangu.

Mpwa wangu alipata nepi za kitambaa kumi na nne, nguo sita, na kanga kuukuu ambazo hakuna duka linaloweza kuziuza. Kanga iliyofuliwa mara mia ni laini, inakauka upesi, na ndiyo shuka, ndiyo kibebeo, ndiyo taulo la pili. Tenga sita. Mpya usinunue kwa ajili ya mtoto. Ngumu na haifyonzi maji.

Chandarua chenye dawa ulizia kliniki ya wajawazito unapohudhuria. Kile kikubwa cha kitanda kinamfunika mama na mtoto pamoja, na ndicho chenye dawa. Kile cha mwavuli hakina kosa mchana, ila kigodoro na mto unaokuja nacho ni vya kuondoa, na hakimo katika vitu vya lazima.

## Hatua ya 4: Nunua vilivyobaki, kwa hesabu

Hii ndiyo orodha yetu kamili ya bahasha ya 90,000:

- Nepi mpya za flaneli 12: 18,000
- Chupi za nailoni za kuvalisha juu ya nepi 3: 6,000
- Fulana na nguo za mtumba 8: 8,000
- Kofia 2 na soksi pea 2: 4,000
- Beseni jipya la kuogea: 7,000
- Mpira wa kutandikia mita moja na nusu: 6,000
- Blanketi jepesi la mtumba: 5,000
- Taulo ndogo za mtumba 2: 4,000
- Miche ya sabuni 4: 12,000
- Pini za nepi: 1,000
- Pampasi 20 za rejareja: 10,000

Jumla 81,000. Zile 9,000 zilizobaki hatukuzitafutia kitu cha kununua; ziliingia kwenye bahasha ya dharura.

Nitakaa kidogo kwenye nepi, maana hapo ndipo bajeti nyingi zinapovunjika. Mtoto mchanga hubadilishwa mara nane hadi kumi kwa siku. Pampasi moja ni shilingi 500. Nane kwa siku ni 4,000, na kwa siku arubaini ni 160,000, yaani nusu nzima ya pesa zote za mpwa wangu. Nepi mpya, chupi za nailoni, pini na sabuni vyote pamoja ni 37,000, na nepi zitamtumikia mtoto wa pili.

Idadi ya nepi inategemea jua. Kiangazi, kumi zinatumika, kumi zinakauka, nne za akiba: 24 zinatosha. Masika nepi hukaa kambani siku mbili, kwa hiyo utataka kama 30. Sisi tulikuwa na 26, ndiyo maana tukaongeza pampasi 20. Kazi yake ni tatu tu: safari ya kutoka spitali, siku za chanjo, na usiku wa mvua ambao kamba imejaa nepi mbichi. Usinunue pakiti kubwa ya saizi ndogo hata ikiwa na punguzo. Mtoto anaweza kuzaliwa na kilo nne akaiacha baada ya wiki mbili.

Nepi ina faida nyingine ambayo mkunga yeyote anaithamini: inaonesha mkojo. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa usiku na mchana. Pampasi inaficha, unaweza usijue kama imelowa mara moja au mara tatu.

Havimo kwenye orodha kwa makusudi: poda, kwa sababu vumbi lake linaingia mapafuni, wanja, kwa sababu baadhi yake una madini ya risasi, mto wa aina yoyote, chupa na chuchu za plastiki, viatu, kigari.

## Hatua ya 5: Kagua mtumba ukiwa bado mkononi mwa muuzaji

Mtumba wa nguo ni salama, na kwa mtoto mchanga mara nyingi ni bora kuliko nguo mpya ya bei nafuu, kwa sababu pamba yake imeshalainika. Lakini usinunue kwa kutazama juu. Nilimsimamisha mpwa wangu penye meza pale Wete sokoni tukafanya hivi kwa kila kipande. Anayekaa Unguja atafanya vilevile Darajani au Mwanakwerekwe.

Pindua ndani nje. Soksi na glavu za mtoto ndizo hatari zaidi, kwa sababu ndani yake mara nyingi kuna nyuzi zinazoning'inia. Uzi mmoja ukijizonga kwenye kidole cha mguu unakaza taratibu, kidole kinavimba na kugeuka rangi, na mama anachosikia ni kilio tu asijue sababu. Nyuzi zikate zote, na zikiwa nyingi iache.

Vuta kila kifungo kwa nguvu kama unataka kuking'oa. Kikisogea, kikate ushone kamba fupi, au iache nguo. Ua la kushonea, shanga na vimetameta vyote viondoke.

Tafuta kamba za shingoni na za kofia, uzitoe kabisa. Sheria hii inahusu kila kinachozunguka shingo. Jamaa wakitaka kumvalisha mtoto hirizi, waombe ikae pembeni ya kitanda au itiwe mahali pengine, si shingoni na si kwa uzi unaokaza mkononi.

Nyosha mpira wa kiunoni. Ukiacha alama kwenye kifundo cha mkono wako, utaacha jeraha kwenye tumbo lenye kitovu kibichi.

Mwisho, nusa. Hilo lina hatua yake peke yake.

## Hatua ya 6: Harufu ya nafthalini

Katika mambo yote ya vitu vilivyotumika, hili ndilo ninalotaka lishikwe kuliko lingine, na ndilo watu wanalolijua kidogo.

Nguo za watoto zilizotunzwa kwa miaka huwekewa kabatini au sandukuni vile vidonge vyeupe vya harufu kali vya kufukuza mende na nondo. Ni nafthalini, na wengine hutumia kafuri. Nguo inaonekana nzima, safi, imekunjwa kwa mapenzi, na imejaa mvuke wa dawa hiyo.

Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kiitwacho G6PD. Upungufu huu unarithiwa, unawapata zaidi watoto wa kiume, na ni wa kawaida katika nchi ambazo zimeishi na malaria vizazi na vizazi, zetu zikiwemo. Mwenye nao anaweza kukua bila kujijua. Lakini mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivuta mvuke wa nafthalini, au ukamwingia kupitia ngozi, chembe zake za damu zinapasuka. Anapata manjano makali kwa haraka, na manjano yakizidi yanaharibu ubongo.

Sisi tuna desturi inayoongeza hatari hii bila kujua. Tunamkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, kisha tunamvika. Nafthalini inayeyuka katika mafuta, kwa hiyo ngozi iliyopakwa inainyonya zaidi kuliko ngozi kavu.

Fanya hivi kwa kila nguo ya kabatini:

1. Tupa vidonge vyote, mbali na watoto wakubwa, maana vinafanana na peremende.
2. Anika nguo kwenye jua na upepo siku tatu au nne.
3. Fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza mara mbili, anika tena mpaka ikauke kabisa.
4. Itie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uweke juani kwa saa moja. Fungua unuse hapohapo.

Mfuko ukitoa harufu ya dawa, rudia kuanzia hatua ya pili. Ikitoa tena, nguo hiyo si ya mtoto mchanga. Usiitie udi ili kuifunika harufu. Udi hauondoi kitu, na moshi unamdhuru mtoto.

Katika nguo sita alizopewa mpwa wangu, mbili zilikataa. Moja lilikuwa blanketi zito la sufu lililotoka kwa bibi yake. Tulimshukuru bibi, tukalitandika kwenye kiti cha ukumbini.

Kwa sababu hiyohiyo ya damu, usimpake mtoto mchanga hina.

Dalili za kukimbilia spitali siku hiyohiyo: weupe wa macho, ufizi au nyayo kugeuka manjano ndani ya saa 24 za mwanzo, au manjano yanayoshuka mpaka miguuni siku yoyote, mtoto kulala mno na kukataa ziwa, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Kumwanika juani asubuhi hakutibu manjano ya namna hii, na kunapoteza saa ambazo zingemwokoa.

## Hatua ya 7: Vitu vya mtumba vya kukataa hata ukipewa bure

Godoro. Sponji iliyolaliwa na mtoto mwingine ina bonde katikati na unyevu ndani, na uso wa mtoto unazama. Godoro na mto wa sufi navyo ni laini mno kwake. Mtoto alale chali, juu ya kitu kigumu kilicholingana, kisicho na mto wala blanketi lililolegea karibu na uso. Godoro la usumba lililokaza linafaa kuliko kigodoro cha waridi. Akilala kitandani na mama, kitanda kisiwe na godoro la kuzama, na asiwepo mvuta sigara wala mtu aliyetumia dawa za usingizi. Aliyezaliwa chini ya kilo mbili na nusu alale pembeni yake, karibu lakini si kitanda kimoja.

Chupa na chuchu za mpira. Zina mikwaruzo isiyosafishika, na chuchu iliyozeeka inakatika kipande kikaenda kooni. Chupa za zamani za plastiki ngumu pia zilitengenezwa kwa bisfenoli A, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012. Mtumba hauandikwi mwaka. Maziwa yaliyokamuliwa mpe kwa kikombe kidogo, ambacho kinaosheka.

Pampu ya maziwa. Nyingi zina njia inayoruhusu maziwa kurudi kwenye mashine, mahali ambapo huwezi kufikisha maji. Kamua kwa mkono, mkunga atakuonesha.

Kiti cha gari. Kikishapata ajali nguvu yake imekwisha hata kama hakuna ufa, na wewe huwezi kujua historia yake. Plastiki yake nayo ina umri, kwa kawaida miaka sita hadi kumi. Kipokee kwa mtu unayemjua tu, aliyekinunua kipya, na tarehe iliyopigwa muhuri chini yake bado haijapita.

Kitanda chenye ubavu wa kushuka. Marekani walivipiga marufuku mwaka 2011 kwa sababu ubavu uliachia na watoto wakabanwa. Ile mito midogo ya kuzungushia ndani ya kitanda ilifuata mwaka 2022. Vikiuzwa mitumba huku, hakuna atakayekuambia.

Kitanda cha mbao chenye ubavu uliokaza kinakubalika kwa masharti. Hapa ndipo kopo la soda linapofanya kazi: lipitishe katikati ya fito. Likipita, mwili wa mtoto nao utapita na kichwa kitabaki. Tikisa pembe zote nne, kwaruza rangi kwa ukucha, na ikibanduka kwa maganda kiache. Mpwa wangu alioneshwa kizuri cha 60,000. Kopo lilipita bila kugusa. Tukaenda zetu.

Beseni la mtumba halina tatizo likiwa halina ufa na una hakika halikutiwa dawa. Sisi tulinunua jipya kwa sababu lile tulilopewa lilikuwa limechanganyiwa dawa, na plastiki inashika.

## Hatua ya 8: Fua, panga, funga mkoba

Wiki tatu kabla, kila kitu kifuliwe, hata kipya. Nepi zipite maji ya moto. Kisha gawa mafungu mawili.

Fungu la mkoba wa spitali: kanga nne, mpira wa kutandikia, nepi sita, pampasi nne, nguo mbili, kofia, soksi, taulo, nguo za mama na vitambaa vyake, kadi ya kliniki. Uliza kituo chako wanataka uje na nini zaidi, kwa sababu vinatofautiana. Sasa bahasha ya safari itoke kwa aliyeitunza, ikae pamoja na mkoba.

Fungu la nyumbani liwe ndani ya mfuko safi, mbali na kabati lenye vidonge.

Utajuaje umefanya sawa: mtu mwingine wa nyumba, asiyejua mipango yako, anaweza kuchukua mkoba gizani na kutoka nao.

## Hatua ya 9: Hesabu kila Ijumaa mpaka arubaini

Baada ya kuzaliwa, andika mambo mawili: pesa iliyobaki katika kila bahasha, na nepi mbichi za saa 24. Nepi zikipungua chini ya sita baada ya siku ya tano, usikimbilie duka la maziwa ya kopo. Nenda kliniki watazame namna mtoto anavyoshika ziwa. Mara nyingi ni mkao tu.

Mtoto akizaliwa mdogo, bahasha ya dharura ndiyo ya kufungua kwanza, na joto lake atalipata kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akifungwa kwa kanga usiku na mchana kama wauguzi watakavyoelekeza. Hakuna kitu cha dukani kinachochukua nafasi hiyo.

Mpwa wangu alijifungua tarehe 11 Aprili, usiku, mvua ikinyesha. Mtoto wa kiume, kilo 3.1. Gari lilikula 35,000 kwenda na kurudi, rufaa haikuhitajika, na 45,000 zilizobaki ziliingia kwenye chakula wiki ya nne, mumewe aliposhindwa kutoka siku tisa. Pampasi zilibaki tatu. Ijumaa ya sita aliniletea daftari, na katika bahasha ya dharura mlikuwa na 31,000. Aliuliza kama sasa anaweza kununua kile chandarua cha mwavuli. Nikamwambia nunua, kigodoro niachie mimi nimpe paka.